Nimepima safari ya mgeni kwa uzi kwenye ramani ya ukutani, nikakosea siku nzima. Nani anaelewa hii ramani?

Mratibu_Kaloleni

Habari za jioni wakuu. Nipo Arusha, kazi yangu ni kupanga magari ya kupokea wageni KIA. Juzi nimeaibika na nataka kuelewa nilikosea wapi, maana hesabu yangu naiona iko sawa kabisa.

Mgeni alisema anatoka Vancouver, Kanada, Jumanne saa saba na nusu mchana kwao, ambayo kwetu ni saa tano na nusu usiku. Anaunganisha Amsterdam. Tiketi alikuwa hajatuma, bosi anataka ratiba ya gari, mtandao umekatika. Ofisini tuna ramani kubwa ya dunia ukutani, upana wake mita moja na nusu. Nikachukua uzi wa kushonea.

Vancouver hadi Amsterdam uzi ulinipa sentimita 53 na kitu. Amsterdam hadi KIA sentimita 30. Chini ya ramani kuna skeli, nikaona sentimita moja ni kilometa 267. Kipande cha kwanza kikaja kilometa 14,200 na ushee. Nikagawa kwa 850, mwendo wa ndege kwa saa, nikapata karibu saa 17. Maana yake anatua Amsterdam Jumatano saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, na ndege ya kuja huku huondoka asubuhi. Nikajiambia huyu atalala Amsterdam, atafika KIA Alhamisi usiku. Gari nikaipanga Alhamisi.

Jumatano saa mbili na nusu usiku napigiwa simu. Watu wanne na mabegi yao wamesimama nje ya uwanja, hakuna hata mwenye kibao cha jina lao. Mama mmoja akaniambia ndege ya kutoka Vancouver ilichukua saa tisa na nusu tu. Tisa na nusu! Mimi nilipata 17.

Uzi haukulegea, nimerudia mara tatu.

Chalii_wa_Sakina

Mkuu pole, ila karne hii unapima ndege kwa uzi? 😂 Fungua Google Maps kwenye simu, bonyeza kwa muda mrefu, pima umbali, kwisha habari. Simu haina tatizo hilo, ramani za karatasi ndizo mbovu.

Mratibu_Kaloleni

Nimesema mtandao ulikatika, chalii wangu. Na sijauliza nitumie nini. Nimeuliza kwa nini uzi umedanganya.

Dereva_Himo

Mimi nakuelewa kabisa ndugu. Ramani zinadanganya. Nimeshapima Moshi hadi Dar kwa rula nikapata kilometa 440, nikamwambia mwenye mzigo mafuta ya kilometa hizo. Njiani nikavuka 500 hata Dar sijaiona. Serikali ichore ramani upya.

Mpimaji_Mstaafu

Nipo Moshi, nimepima viwanja na barabara miaka mingi kabla ya kustaafu. Nianze na dereva kwa sababu lake ni fupi: rula yako ilisema kweli. Moshi na Dar kwa mstari ulionyooka ni kilometa 440 hivi. Barabara inazunguka Milima ya Upare na Usambara, haipai kama kunguru. Hapa kwetu tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na kwa eneo hili ramani ya aina ile inavuta umbali kwa sehemu mbili tu katika elfu moja. Huwezi kuiona hata ukivaa miwani.

Sasa mratibu. Nenda kwenye hiyo ramani, soma maneno madogo yaliyo kando ya skeli. Halafu pima vitu viwili kwa rula, kwenda juu: kutoka ikweta hadi mstari wa latitudo 20, kisha kutoka 60 hadi 80 kaskazini. Njoo na majibu, usiniulize kwanza kwa nini.

Mratibu_Kaloleni

Nimerudi mzee.

Maneno madogo yanasema skeli hii ni "kwenye ikweta". Sikuwahi kuyaona, yamefifia na kuna utepe wa gundi juu yake.

Ikweta hadi 20: sentimita 8 na nusu. Kutoka 60 hadi 80: sentimita 26 na nusu, labda 27. Kwani si nyuzi 20 zilezile?

Mpimaji_Mstaafu

Ndizo zilezile. Ardhini vipande vyote viwili ni karibu kilometa 2,200 kila kimoja. Kwenye ukuta wako kimoja kimekuwa zaidi ya mara tatu ya kingine. Basi ramani yako ni ya Mercator, ile aliyoichora Gerardus Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia.

Menya chungwa, utoe vipande vyake uvilaze mezani, vimesimama bega kwa bega. Vitagusana tumboni tu. Juu na chini vimechongoka, kati ya kipande na kipande kuna nafasi tupu. Dunia ukiilaza mezani inakuwa hivyo. Sasa mchoraji hataki nafasi tupu, kwa hiyo anavuta ncha za kila kipande kulia na kushoto mpaka zigusane na za jirani. Tumbo halijavutwa. Ncha zimevutwa sana.

Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilometa 40,000. Ukipanda hadi latitudo 60 ukazunguka hapo, ni kilometa 20,000 tu. Lakini ukutani kwako mistari yote miwili ina urefu uleule wa mita moja na nusu. Kwa hiyo pale 60 kila kitu kimevutwa mara mbili. Pale 80 ni karibu mara sita.

Chalii_wa_Sakina

Nimeelewa, kumbe ni upana tu ndio unavutwa. Kwenda juu iko sawa.

Mpimaji_Mstaafu

Hapana kijana, angalia vipimo alivyoleta mratibu. Amepima kwenda juu, na ndiko alikokuta mara tatu. Kuna ramani zinazovuta upana tu, kwenye hizo ungekuta nafasi za latitudo ziko sawasawa. Hii ya Mercator, akishavuta upana mara mbili, anavuta na urefu mara mbili mahali palepale, ili kisiwa kisionekane kimelala kama chapati. Alitaka pembe zibaki. Baharia akichora mstari wa rula kutoka bandari hadi bandari, anasoma pembe yake kwenye dira, anaishika hiyohiyo safari nzima na anafika. Kwa kazi hiyo ni ramani safi kabisa. Ila hakuwahi kusema mtu apime urefu wa safari kwa skeli moja.

Na kuhusu simu: chombo cha kupimia umbali kinapiga hesabu ya duara la dunia, ndiyo maana jibu lake ni sahihi. Picha unayoiona kwenye simu bado ni Mercator. Jaribu: weka picha Arusha, tazama mstari wa skeli, kisha bila kukuza wala kupunguza telezesha hadi Norwe. Mstari wa skeli utabadilika mwenyewe.

Chalii_wa_Sakina

Dah, kweli inabadilika. Basi rahisi: sehemu za baridi, ukishapima gawanya kwa mbili. 14,200 gawa mbili ni 7,100, saa nane na kitu, ongeza ya kupaa na kutua, karibu saa tisa na nusu. Imekubali! Funga uzi.

MamaSafari_Njiro

Usifunge. Mimi pia nipo kwenye utalii na sipendi jibu linalokubali kwa bahati. Amsterdam haiko 60, iko 52. Vancouver iko 49. Mzee amesema 60 ndiyo mara mbili. Nikakumbuka hesabu za sekondari: 20,000 kwa 40,000 ni nusu, na cos 60 ni nusu. Basi kipimo kizidishwe kwa cos ya latitudo. Katikati ya 52 na 49 nimechukua 51, cos yake 0.63. Nikazidisha 14,200 nikapata karibu 9,000.

Lakini mtandaoni naona umbali wa Amsterdam na Vancouver ni 7,700. Zile 1,300 zimekwenda wapi? Nimekosea cos?

Mpimaji_Mstaafu

Hujakosea hata kidogo dada, na umeligusa jambo ambalo watu wengi hawafiki. Makosa ni mawili, moja limelala juu ya lingine.

La kwanza ni skeli, na umelirekebisha. Mtu akifuata ule mstari wa uzi wa mratibu juu ya dunia yenyewe, kilometa kwa kilometa, atasafiri karibu 9,000. Hiyo ni kweli.

La pili ni kwamba ule mstari wenyewe si njia fupi. Ukutani umenyooka. Duniani umepinda.

Fikiria kipilefti cha mnara wa saa hapo Arusha. Umesimama upande mmoja, unataka kwenda ng'ambo. Ukifuata lami unazunguka, ukikatiza bustani unafupisha. Mistari ya latitudo ya kaskazini ni vipilefti, na katikati yake ni ncha ya dunia. Kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo kipilefti kinavyokuwa kidogo. Mercator amekichukua kila kipilefti akakikunjua kikawa barabara iliyonyooka kama ya Moshi–Arusha. Ukiweka uzi juu yake unadhani umenyoosha, kumbe unazunguka bustani.

Rubani anakatiza. Akitoka Vancouver anapanda kaskazini mwa Kanada, anafika karibu nyuzi 70, anapita Grinilandi, Aislandi, anashuka kaskazini mwa Skotilandi hadi Amsterdam. Hiyo ndiyo 7,700.

Mratibu_Kaloleni

Mzee hapo sasa umenichanganya. Nimepitisha uzi hukohuko unakosema: Kanada juu, Grinilandi, Aislandi. Nimeubandika kwa pini saba. Umekuja sentimita 66! Ule wa kwanza ulikuwa 53. Sasa njia fupi imekuwaje ndefu?

MamaSafari_Njiro

😄😄 Hapo ndipo utakapojua umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mpimaji_Mstaafu

Sentimita zako 66 ni sahihi, nilitegemea humohumo. Sentimita za huko juu ni nyepesi. Chini kwetu sentimita moja ya ramani yako inabeba kilometa 267. Pale nyuzi 50 inabeba 170 na kitu. Pale 70 ilipo Grinilandi inabeba 91 tu. Umetumia sentimita nyingi zaidi, lakini nyingi kati yake ni za bei rahisi. Ukizijumlisha kila moja kwa thamani ya mahali pake, 66 zinakuwa chache kuliko 53.

Kessy_wa_Majengo

Samahani naingilia. Nilivyoambiwa na mtu anayefanya kazi uwanjani, ndege hupita Grinilandi ili isikae juu ya bahari kwa muda mrefu, injini ikizima ipate pa kutua. Si habari ya ufupi.

Mpimaji_Mstaafu

Sheria za umbali kutoka uwanja wa dharura zipo, na ndege ya injini mbili inazifuata. Zinaweza kusogeza njia. Lakini hata ungeziondoa zote, njia ya Vancouver na Amsterdam ingepanda kaskazini vilevile, kwa kuwa ndiko kulikokatiza. Kinachoisogeza zaidi siku hadi siku ni upepo wa juu. Kutoka magharibi kwenda mashariki wanautafuta uwasukume, wakirudi wanaukwepa. Ndiyo maana huwezi kusema ndege ya mgeni wetu ilipita kwenye pini hizo saba hasa.

Kessy_wa_Majengo

Mimi bado nitamuuliza yule jamaa. Yeye anazipangia mafuta.

Dereva_Himo

Kwa hiyo na magari ya Kanada yanapita Grinilandi?

MamaSafari_Njiro

Kaka, mezea kahawa kwanza.

Mzee, tupe namna ya kupata 7,700 bila mtandao. Simu ina kikokotoo, nacho hakihitaji bando.

Mpimaji_Mstaafu

Tafuta latitudo za miji miwili na tofauti ya longitudo zao. Amsterdam 52.3 kaskazini, Vancouver 49.2 kaskazini. Amsterdam iko 4.76 mashariki, Vancouver 123.18 magharibi, ukizijumlisha unapata 127.94, chukua 127.9. Kisha:

```
cos d = sin(52.3) × sin(49.2) + cos(52.3) × cos(49.2) × cos(127.9)
```

Upande wa kulia unatoa 0.353. Bonyeza cos ya kurudi nyuma, utapata d ni nyuzi 69.3. Kila nyuzi moja ya duara la dunia ni kilometa 111.2. Zidisha.

Mji ukiwa kusini mwa ikweta, latitudo yake iwekee alama ya kutoa. KIA ni -3.4.

Chalii_wa_Sakina

Mzee mimi nimepata d ni 2.28 na umbali kilometa 253. Vancouver imehamia Tanga?

MamaSafari_Njiro

Kikokotoo chako kimewekwa radiani. Angalia juu ya skrini kama kimeandikwa RAD, bonyeza kiwe DEG. Nimeangukia shimo hilohilo dakika kumi zilizopita, ndiyo maana nalijua.

Chalii_wa_Sakina

7,706. Shikamoo mzee.

Mratibu_Kaloleni

Wakuu asanteni. Nimejaribu na KIA–Amsterdam. Kwa uzi ilikuwa kama 8,010, kwa hesabu ni 6,900. Kwa hiyo hapo uzi ulizidisha kidogo tu, kwa sababu nusu ya njia iko Afrika ambako hakujavutwa. Ukutani safari ya Kanada inaonekana karibu mara mbili ya hii ya kwetu. Kumbe zinakaribiana, moja 7,700 nyingine 6,900.

Sasa nina mgeni mwingine mwezi ujao, anatoka Auckland, Nyuzilandi, kupitia Doha. Uzi umenipa sentimita 58, yaani 15,500. Nimetumia kanuni ya chalii, nimegawa kwa mbili, 7,750. Saa tisa na nusu hivi. Naandika ratiba.

MamaSafari_Njiro

SIMAMA. Usiandike chochote!

Mimi wageni wa Nyuzilandi nimewapokea. Wanashuka KIA macho mekundu, mmoja alilala kwenye kiti cha gari kabla hatujafika Usa River. Doha–Auckland ni zaidi ya saa 16 angani.

Mpimaji_Mstaafu

Mama amekuokoa. Auckland iko nyuzi 37 kusini, Doha 25 kaskazini. Njia inavuka ikweta katikati. Karibu yote imelala tumboni mwa chungwa, ambako hakuna kilichovutwa sana. Pale hugawanyi kwa mbili wala kwa moja na nusu. Hesabu ya duara inatoa 14,500. Uzi wako wa 15,500 ulizidi kwa asilimia saba tu.

Kijana wa Sakina, ndiyo sababu sikuipenda ile kanuni. Haikuwa cos ya Amsterdam wala ya Vancouver. Ilifanya makosa mawili ya mratibu yafutike kwa safari moja.

Chalii_wa_Sakina

Nimekoma.

Mwalimu_Pasua

Nimesoma uzi wote nikiwa zamu ya jioni. Nafundisha Moshi, na shuleni tuna tufe la plastiki, kipenyo sentimita 30. Leo nimewapa wanafunzi wanne uzi na majina ya miji, bila kuwaambia jibu. Kwenye tufe hilo sentimita moja ni kilometa 425 popote unapopima.

KIA–Amsterdam wamepata 16. Amsterdam–Vancouver 18. Doha–Auckland 34.

Kisha nikawapeleka kwenye ramani ya ukutani wapime hizo mbili za mwisho. Upana wake ni kama wa mratibu, nasi tukapata 53 na 58. Binti mmoja akaniuliza kwa nini safari mbili zinazolingana ukutani, moja kwenye tufe ni karibu mara mbili ya nyingine. Sikumjibu, nikamwambia ashike uzi wa Vancouver kwenye tufe kwa ncha mbili, auvute ukaze bila kuuongoza. Ukateleza wenyewe mpaka juu ya Grinilandi. Akaurudisha chini kwa kidole kufuata latitudo 50, ukawa mfupi, haukufika Vancouver.

Angalizo kwa watakaojaribu: tufe letu lina pete ya chuma inayozuia uzi pale juu. Litoeni kwenye stendi kwanza.

Kessy_wa_Majengo

Mwalimu, si ndiyo sababu Umoja wa Afrika mwaka 2025 uliunga mkono kampeni ya kuachana na Mercator? Afrika inachorwa ndogo na Grinilandi inakuwa kama sisi, wakati sisi ni mara 14 yake. Wabandike ile mpya ya Equal Earth ofisini na tatizo limekwisha.

Mwalimu_Pasua

Kwa ukubwa wa nchi, naam, mimi ningeibandika kesho, na madai hayo nayaunga mkono. Kwa urefu wa safari haimsaidii mratibu sana. Ramani hiyo inalinda eneo, nalo haliwezi kulindwa bila kupotosha umbali. Itazame juu kabisa: ncha ya kaskazini, ambayo duniani ni nukta moja, imechorwa mstari mrefu zaidi ya nusu ya ikweta. Ukiweka uzi karibu na hapo utapotea vilevile, ila kwa namna nyingine.

Mpimaji_Mstaafu

Kuna ramani inayochorwa kwa kuweka mji mmoja katikati, tuseme Arusha, na umbali wote kutoka Arusha ukawa sahihi kwa rula. Kwa ofisi ya mratibu ningependelea hiyo.

MamaSafari_Njiro

Lakini mzee, Vancouver–Amsterdam haianzii Arusha. Kosa lake lilikuwa kwenye kipande hicho.

Mpimaji_Mstaafu

Kweli. Kwa kipande hicho itakudanganya. Ungehitaji nyingine yenye Amsterdam katikati, na nyingine ya Doha.

Kessy_wa_Majengo

Kuta za ofisi zenyewe ziko ngapi?

Mratibu_Kaloleni

Bosi amekataa kuitoa, anasema wageni wanapenda kupigia picha hapo. Nimechukua kalamu ya wino mzito nikaandika pembeni, kushoto, thamani ya sentimita moja kwa kila mstari: ikweta 267, latitudo 30 ni 231, 45 ni 189, 60 ni 134, 70 ni 91, 80 ni 46. Ule utepe wa gundi juu ya maneno "kwenye ikweta" nimeubandua, umetoka na herufi mbili.

Uzi nimemrudishia dada wa mapokezi. Alikuwa anautafuta tangu Jumanne.

Dereva_Himo

Na Himo hadi Holili kwenye ramani hiyo ni sentimita ngapi?

Mwalimu_Pasua

Nusu milimita hivi, kaka. Unene wa uzi wenyewe.